Ajali ya Ijumaa, taarifa ya Jumatatu: muda wa kisheria ulianza kuhesabiwa lini?

*"Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda kidogo. Ijumaa saa kumi na mbili jioni kijana mmoja alivutwa mkono na rola ya mkanda. Msimamizi wa zamu alimpeleka hospitali na saa mbili usiku akalazwa. Jumapili saa nne asubuhi madaktari walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Mimi nimeambiwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Nimefungua fomu ya mkaguzi wa kazi, inataka aina ya jeraha, chanzo, na siku ambazo hatakuwepo kazini. Ripoti ya daktari sina, na kijana mwenyewe ameletwa na wakala wa ajira, si wa kwetu. Nisubiri ripoti? Muda wangu si unaanza leo niliyojua? Na nani anapaswa kujaza?"*

Ndugu yangu, usisubiri ripoti ya daktari. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, piga simu kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi ya eneo lenu, toa taarifa kwa mdomo, uandike saa uliyopiga na jina la aliyekupokea. Kisha rudi tuzungumze.

Watu wengi huchanganya vitu viwili ambavyo sheria huvitenganisha. Kuna taarifa ya awali, ambayo kazi yake ni kumwamsha mkaguzi, na kuna taarifa ya maandishi, ambayo ndiyo hiyo fomu uliyofungua. Ya kwanza ipo kwa sababu eneo la ajali hubadilika haraka. Rola husafishwa, kinga iliyokuwa imetolewa hurudishwa, mashahidi wa zamu ile huenda mapumziko. Mkaguzi akijulishwa mapema ana nafasi ya kufika akakuta mambo yalivyo. Kwa hiyo sheria haimtaki mwajiri aje na picha iliyokamilika, inamtaka aje mapema. Mfano mzuri ni kanuni za Marekani, ambazo kwa taarifa ya kwanza zinataka mambo manane tu: jina la mahali pa kazi, mahali ajali ilipotokea, wakati ilipotokea, aina ya tukio, idadi ya walioumia, majina yao, mtu wa kuwasiliana naye pamoja na simu yake, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Ukiyapitia manane hayo utaona kwamba hakuna hata moja linalohitaji sahihi ya daktari. Yote ulikuwa nayo Jumatatu saa tatu, na msimamizi wako alikuwa nayo Ijumaa usiku.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili, nalo nitalikalia kidogo.

Umejenga hoja kwamba muda ulianza ulipoambiwa wewe. Ni hoja ninayoisikia mara nyingi, na mara nyingi haisimami. Sheria za kutoa taarifa za ajali huchagua mojawapo ya nukta tatu za kuanzia kuhesabu. Ya kwanza ni saa ajali ilipotokea. Ya pili ni saa mwajiri alipojua. Ya tatu ni saa jeraha lilipofikia kiwango kinachotajwa na sheria, kwa mfano mtu alipolazwa au kiungo kilipokatwa. Kazi yako ni kujua sheria yako imechagua ipi, na usishangae ukikuta sheria mbili za nchi moja zimechagua nukta tofauti. Kenya ni mfano wa wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka ajali iliyojeruhi bila kuua iandikiwe taarifa ndani ya siku 7 tangu ajali itokee, na iliyoua mtu itolewe habari ndani ya saa 24, kisha maandishi yafuate ndani ya siku 7. Lakini Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inahesabu siku zake 7 tangu mwajiri apokee habari ya ajali au ajue kwamba mfanyakazi ameumia. Mtu anayejaza fomu zote mbili kwa tarehe moja ya kuanzia atakosea katika mojawapo.

Hata pale sheria inapohesabu tangu mwajiri ajue, neno "mwajiri" halimaanishi wewe peke yako mezani pako. Kanuni za Marekani zinasema waziwazi kwamba muda huanza tukio linapofikishwa kwa mwajiri au kwa wakala wake yeyote. Msimamizi wa zamu ndiye aliyesimama pale kwa niaba ya kampuni. Ndiye aliyempakia kijana kwenye gari na kumwona akipewa kitanda. Alichokijua yeye, kampuni imekijua. Kwamba hakukupigia simu ni tatizo la ndani ya nyumba yenu, na mkaguzi hatalihesabu kuwa sababu ya kusogeza saa mbele.

Sasa tuichukue ajali yako tuihesabu kwa sheria za nchi tatu, uone jinsi nukta ya kuanzia inavyobadilisha kila kitu.

Marekani inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 8, na kulazwa, kukatwa kiungo au kupoteza jicho ndani ya saa 24. Kijana alilazwa Ijumaa saa mbili usiku, na msimamizi alijua saa ileile. Muda ulikwisha Jumamosi saa mbili usiku. Jumatatu saa tatu asubuhi tayari zimepita saa 37. Kuna jambo jingine hapo ambalo huwapotosha hata wazoefu: kwa kanuni zile, kulazwa au kukatwa kiungo kunatolewa taarifa ikiwa kumetokea ndani ya saa 24 tangu ajali. Vidole vilikatwa Jumapili saa nne, yaani saa 40 baada ya ajali, kwa hiyo upasuaji ule peke yake usingelazimisha taarifa. Kilicholazimisha ni kulazwa. Mtu aliyekuwa akisubiri kuona kama vidole vitapona alikuwa akitazama tukio lisilo lenyewe. Na kulazwa kwenyewe kuna maana yake: ni kupokelewa rasmi wodini kwa matibabu. Anayewekwa hospitali kwa uangalizi au vipimo tu hahesabiwi kuwa amelazwa.

Uingereza ingekuhesabia vingine. Kukatwa kidole kumo katika orodha ya majeraha yanayotajwa na kanuni zao za mwaka 2013, na kukatwa na daktari baadaye kwa sababu ya ajali kunahesabiwa sawa na kukatwa na mashine. Unatakiwa kutoa habari bila kuchelewa kwa njia ya haraka inayowezekana, na taarifa kamili iwe imefika ndani ya siku 10 tangu ajali. Jumatatu asubuhi ungekuwa bado na nafasi, ingawa hilo "bila kuchelewa" lingeanza kukuuma.

Kenya, kwa kuwa kijana yu hai, ingekupa hadi Ijumaa inayofuata kwa taarifa ya maandishi ya usalama kazini. Angefariki, hesabu ingegeuka kuwa ya saa. Ndiyo maana mtu aliyelazwa hali yake ikiwa mbaya anafuatiliwa kila siku na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, si kwa kungoja habari zije zenyewe. Kifo kinachotokea siku kadhaa baada ya ajali huamsha wajibu mpya wa kutoa taarifa, na kila nchi ina mpaka wake. Marekani ni ndani ya siku 30 tangu ajali, Uingereza ni ndani ya mwaka mmoja.

Huenda nchi yako si mojawapo ya hizo tatu. Chukua kifungu cha sheria yako kinachohusu taarifa za ajali, ukisome ukiwa na kalamu, na utafute maneno haya: "tangu kutokea", "tangu kujua", "siku" au "siku za kazi". Hilo la mwisho si dogo. Sheria ikisema siku bila neno "kazi", Jumamosi na Jumapili zimo. Ikisema saa, usiku umo. Kama ofisi ya mkaguzi imefungwa, uliza kama kuna namba ya dharura, wala usidhani kuacha ujumbe kunatosha. Marekani, kwa mfano, taarifa ya awali haihesabiki kuwa imetolewa kwa kuacha ujumbe wa sauti, kwa faksi wala kwa barua pepe.

Na kama umekwisha kuchelewa? Toa taarifa hivyohivyo, leo. Taarifa iliyochelewa ni kosa dogo kuliko ajali iliyofichwa, na mkaguzi anayejua kazi yake hutofautisha. Katika barua ya kuambatanisha andika sentensi mbili au tatu za kweli: ajali ilitokea Ijumaa saa 12 jioni, msimamizi wa zamu alijua saa hiyohiyo, ofisi ya utumishi ilijulishwa Jumatatu saa 3 asubuhi, na taarifa inatolewa Jumatatu saa kadhaa. Basi. Usiombe radhi kurasa mbili. Kishawishi kikubwa ni kuandika Jumatatu kwenye nafasi ya tarehe ya ajali, au "tarehe ya upasuaji", ili siku zionekane hazijapita. Rekodi ya hospitali ya saa mbili usiku wa Ijumaa itakuumbua, na kuanzia hapo hakuna sentensi yako nyingine itakayoaminika.

Tuje kwenye fomu. Fomu hizi hutofautiana kwa sura lakini mifupa yake ni ileile. Itifaki ya mwaka 2002 ya Shirika la Kazi Duniani, iliyoongezwa kwenye Mkataba namba 155, inazitaka nchi zilizoiridhia zihakikishe taarifa ina mafungu matatu: habari za biashara na mwajiri, habari za aliyeumia na jeraha lake, na habari za mahali pa kazi na mazingira ya ajali. Fungu la kwanza halina shida isipokuwa moja: jina la kampuni liandikwe kama lilivyosajiliwa, na anwani iwe ya mahali ajali ilipotokea, si ya makao makuu. Mkaguzi huenda kwenye anwani uliyoandika.

Fungu la pili ndilo linalokutia hofu, nalo halihitaji utaalamu wa tiba. Fomu inapouliza aina ya jeraha, inauliza kilichoupata mwili: kuvunjika, kuungua, kukatika, kusagika. Inapouliza sehemu ya mwili, taja upande na sehemu yenyewe, kwa mfano "mkono wa kulia, vidole viwili", na ukishajua ni vipi hasa, vitaje. Watu huchanganya hapo na chanzo. Chanzo ni kitu kilichojeruhi, ambacho kwako ni rola ya mkanda, na namna ya ajali ni jinsi kilivyojeruhi, ambayo kwako ni kunaswa kati ya sehemu mbili za mashine zinazotembea. Ukiandika "kukatwa vidole" kwenye nafasi ya chanzo, ajali yako itaingia kwenye takwimu mahali pasipo pake, na mkaguzi atalazimika kukupigia kuuliza mashine gani.

Siku za kutokuwepo kazini ni swali ambalo Jumatatu hii halina jibu, na fomu za kompyuta huwa hazikuruhusu kupita bila kujaza. Usiandike sifuri. Sifuri maana yake amerudi kazini, na kwenye mfumo unaopanga ajali kwa uzito, sifuri inaweza kuishusha ajali ya vidole viwili kuwa mkwaruzo. Kama kuna chaguo la "bado hajarudi" au "haijulikani", lichague. Kama hakuna, weka makadirio na uandike kwenye maelezo kwamba ni makadirio na kwamba utayarekebisha. Ukija kuhesabu siku hizo, angalia sheria yako inahesabuje. Uingereza, kwa mfano, haihesabu siku ya ajali yenyewe, lakini inahesabu siku za mapumziko na mwisho wa wiki, hata kama asingekuwa zamu.

Sasa maelezo ya tukio, kisanduku ambacho watu hukijaza vibaya kuliko vyote. Nimeona fomu zilizoandikwa hivi: "Mfanyakazi alijeruhiwa kwa uzembe wake akifanya kazi kwenye mashine." Sentensi hiyo haina mashine gani, haina alikuwa akifanya nini, haina mashine ilikuwa inazunguka au imezimwa, na imejaa hukumu ambayo aliyeiandika hakuwa na ushahidi nayo. Hukumu hiyo itasomwa tena siku mkaguzi atakapogundua kwamba kinga ya rola ilikuwa sakafuni. Andika alichokiona mtu, kwa mpangilio wa wakati, ukitenganisha unachokijua na usichokijua. Kwa ajali yako ningeandika hivi, baada ya kuhakikisha kwa mashahidi:

"Ijumaa saa 12 jioni, mfanyakazi alikuwa akiondoa mabaki yaliyonasa kwenye rola ya mwisho ya mkanda namba 2. Mkanda ulikuwa ukitembea. Mkono wa kulia ulivutwa kati ya mkanda na rola. Mfanyakazi mwenzake alibonyeza kitufe cha dharura na mkanda ukasimama. Alipelekwa hospitali na msimamizi wa zamu, akalazwa saa 2 usiku. Jumapili saa 4 asubuhi alikatwa vidole viwili vya mkono huo. Kama kinga ya rola ilikuwa mahali pake wakati wa ajali bado inachunguzwa. Mkanda umezimwa na kufungwa kufuli tangu ajali."

Hiyo ya mwisho iandike tu kama ni kweli. Kama mkanda uliendelea na zamu ya Jumamosi, andika hivyo, kisha uusimamishe sasa. Nchi nyingi zinakataza kugusa eneo la ajali kubwa kabla mkaguzi hajaruhusu, isipokuwa kwa kumwokoa mtu au kuzuia hatari nyingine. Kama mmeshasafisha, piga picha mlichobakiwa nacho, weka kando vipande vilivyotolewa, na mseme nani alisafisha na saa ngapi.

Kuhusu wakala wa ajira, mambo yanakwenda kwa sheria ya nchi. Marekani, anayemsimamia mfanyakazi siku hadi siku ndiye anayebeba wajibu, kwa hiyo ungekuwa ni ninyi. Uingereza wajibu huangukia mwajiri wa aliyeumia, hata kama ajali imetokea kwenye jengo la mtu mwingine. Matatizo huzaliwa pale kila upande unapodhani mwenzake ameshaandika. Ushauri wangu: kama kifungu hakikuondoi waziwazi kwenye wajibu huo, toa taarifa. Mjulishe wakala leo kwa maandishi, mwombe nakala ya atakachotuma yeye, na kwenye fomu yako taja kwamba mfanyakazi ameajiriwa na wakala fulani na alikuwa chini ya usimamizi wenu. Mkaguzi aliyepata taarifa mbili za ajali moja hana neno, ila hakikisha saa na maelezo hayapingani. Yakipingana, usimshinikize wakala abadilishe ya kwake. Tafuteni nani aliyeona.

Angalia pia kwamba fomu ya mkaguzi haikuondolei fomu ya fidia, wala taarifa kwa kampuni ya bima. Mara nyingi zinakwenda ofisi tofauti zenye muda tofauti, na ni katika ile ya fidia ndipo maneno ya daktari yanapohitajika kweli, kwa sababu pale ndipo kiwango cha ulemavu kinapokadiriwa. Pengine ndiko ulikopata wazo la kusubiri ripoti. Ikija, itumie kurekebisha pia taarifa ya mkaguzi: tuma nyongeza yenye namba ileile ya kumbukumbu, ukisema kipi kimebadilika, wala usifungue taarifa mpya kana kwamba ni ajali nyingine. Nakala ya yote, pamoja na ukurasa wa uthibitisho wenye tarehe na saa, iwekwe kwenye daftari la ajali.

Kuna mahali ambapo jibu la maandishi kama hili halitoshi. Kama kijana akifariki, kama zaidi ya mtu mmoja waliumia, kama polisi wamefika, au kama kuna mtu kiwandani anataka uandike kitu usichokiamini, nenda ukaonane na mwanasheria wa kazi kabla hujatia sahihi maelezo marefu. Taarifa ya awali isingoje mwanasheria huyo. Maelezo marefu yanaweza kungoja. Kama kilichokukwamisha ni fomu yenyewe, nenda ofisi ya mkaguzi ukiwa nayo mkononi, na umchukue msimamizi wa zamu mwende naye, maana maswali ya kwanza yatakuwa ni ya mambo aliyoyaona yeye.